Jibu: rangi ya jinzi kwenye mkoba wa krimu

"Mkoba wangu wa krimu, ngozi bandia, umeshika rangi ya jinzi ubavuni. Jirani kanishauri nifute kwa rimuva ya kucha, nimeshanunua. Nianze na kipi?"

Dada, hiyo rimuva usiifungue! Rimuva nyingi zina asetoni, na asetoni haichagui baina ya rangi ya jinzi na ngozi bandia yenyewe. Ile krimu unayoiona ni utando mwembamba wa plastiki uliobandikwa juu ya kitambaa. Asetoni ikiugusa unalainika na kunata, na ukisugua unachunika. Doa la buluu lina dawa, lakini pale palipochunika hapana. Wanaowaambia watu kwenye video watumie rimuva hufuta mara moja, wakaonyesha pamba ya buluu, wakakata. Mkoba ukishakauka hawauonyeshi, na hilo ndilo linaloniudhi.

Anza na maji ya vuguvugu, nusu kikombe, na matone mawili ya sabuni ya maji ya vyombo. Chovya kitambaa cheupe, kikamue sana, ufute taratibu, kisha ukaushe. Doa la juzi huenda likaishia hapo. Lisipoisha, nunua duka la dawa spiriti ya vidonda isiyo na rangi. Ile ya zambarau ya kuwashia moto iache, ina rangi yake.

Jaribu kwanza chini ya mkoba, karibu na mshono. Gusa kwa kijiti cha pamba kilicholowa kidogo tu, ngoja pakauke, kisha uitazame pamba. Ikiwa nyeupe, na pale hapanati wala hapajafifia, nenda kwenye doa. Ikitoka na krimu, acha hapo hapo, maana unavua rangi ya mkoba wenyewe.

Kwenye doa usisugue. Bonyeza, inua, geuza upande safi, ukitoka ukingoni kuingia katikati. Kila baada ya miguso michache pitisha kitambaa chenye unyevu ili spiriti isikae. Maadamu pamba inatoka na buluu, endelea. Ikianza kutoka nyeupe na doa bado lipo, basi rangi imeshazama ndani ya plastiki, na kuongeza nguvu hapo kutatoboa utando tu. Joto na muda ndivyo vinavyoizamisha, kwa hiyo mkoba usiuanike juani ukidhani jua litapausha doa, wala usiuache ndani ya gari. Jiki nayo kaa nayo mbali, huacha umanjano.

Na hiyo jinzi, ifue peke yake mara kadhaa kabla ya kuivaa tena na mkoba huo. Rangi yake hukaa juu juu ya uzi, na kwa jasho letu la Mombasa, kila hatua kutoka Marikiti hadi kivukoni Likoni mkoba unasuguliwa pajani palipolowa.

Spiriti inawaka, fungua madirisha na uzime jiko kwanza.