Noti 75, na honi ikalia

Juzi kijana anayesomea urubani kaniandikia: "Kaka, nikishika kasi ya noti 70 si niko salama? Ndege yetu inastoli kwenye 48." Kustoli ni mabawa kuacha kuibeba ndege. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Wazo hilohilo ndilo lililonitia aibu mbele ya wenzangu.

Ulikuwa msimu wa kusi hapa Dar, tunatua runwei 23 kwa mzunguko wa kushoto. Ukikata kuelekea fainali, ile njia ya mwisho iliyonyooka na runwei, kusi inakusukuma kutoka nyuma, unaupita mstari wa runwei kabla hujajua. Mimi niliupita. Badala ya kuacha nizunguke upya, nikailaza Sesna 172 karibu digrii 60 na kuvuta usukani kifuani ili pua irudi. Kasi ilisoma 75. Honi inayoonya kwamba ndege inakaribia kustoli ikalia, ile sauti ya filimbi mbovu! Mwalimu akausukuma usukani mbele, akanyoosha mabawa, akaongeza mafuta. Tulipotua akaniuliza, wote wakisikia: "Hiyo 48 ni ya ndege ipi?" Bado inaniuma.

Ile 48 ni ya ndege yenye uzito kamili, mabawa yakiwa sawa, flapsi, vile vibao vya nyuma ya mabawa, zikiwa juu na rubani havuti kitu. Bawa lenyewe halijui kasi. Linachojua ni pembe kati yake na hewa inayolijia, na kwa bawa kama letu ikifika digrii 15 au 16 hivi, hewa ya juu inashindwa kulifuata, inabanduka, na nguvu ya kuinua inaporomoka. Pembe hiyo haipimwi kwa kuangalia pua na upeo wa macho. Unaweza kuwa unashuka, pua iko chini, na bado ukastoli, kwa sababu hewa inakujia kutoka chini.

Sasa ukilaza digrii 60 bila kupoteza kimo, mabawa yanabeba uzito mara mbili. Nguvu hiyo ya ziada unaipata kwa kuvuta, yaani kwa kuongeza pembe. Kasi ya kustoli inapanda kwa mara 1.41: ile 48 inakuwa 68. Honi ya 172 hulia noti 5 hadi 10 kabla, kwa hiyo kwenye 75 ilikuwa inasema kweli. Kwenye digrii 30 ungestoli kwenye 52 tu, ndiyo maana mimi sipiti hapo nikikata kwenda fainali. Nikipita mstari, nazunguka upya, anayetaka kucheka acheke.

Ikilia, legeza usukani kwanza. Wengi wenu mnakimbilia mafuta huku mkono mwingine bado unavuta. Acheni!

Na kijana, kesho ukikagua ndege, tafuta kitundu kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Weka kitambaa safi, nyonya kwa mdomo. Honi italia ndege ikiwa imesimama, kasi sifuri.