Taa za ruta kuwaka si ushahidi kwamba adapta ni nzima

Swali: Ruta yangu huwa nzito jioni, kisha hujizima na kujiwasha yenyewe. Adapta niliyonunua mwezi uliopita inaingia vizuri na taa zote zinawaka. Fundi anasema ruta imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli?

Jibu: Usinunue ruta kabla hujasoma maandishi mawili: yaliyo chini ya ruta, na yale ya adapta yanayofuata neno OUTPUT. Ruta ikidai 12V 1.5A, yaani wati 18, huku adapta ikitoa 12V 0.5A, yaani wati 6, umeshampata mkosaji. Tundu ni lilelile, kwa hiyo pini huingia bila shida, na taa huhitaji umeme mdogo mno. Jioni, watu wa nyumbani wanapotazama video kwa pamoja, redio ya Waifai hudai umeme zaidi, volti hushuka, pakiti za data hupotea na kutumwa upya, na volti zikishuka zaidi ruta huanza upya.

Maandishi yakilingana, adapta bado inaweza kuwa imechoka, kwa kuwa kapasita zake, vipuri vya ndani vinavyotuliza umeme, hudhoofika kwa joto na umri. Hapa ndipo mafundi wengi wanaponiudhi: huichomoa adapta, huipima ikiwa haina mzigo, husoma volti 12, kisha huilaumu ruta. Adapta mbovu inaweza kabisa kuonyesha volti 12 isipobebeshwa kitu. Ipimwe ikiwa inailisha ruta, kwa waya wa kugawa umeme wenye matawi mawili, wakati vifaa kadhaa vinapakua mafaili. Volti zikiporomoka hadi 10 au zikichezacheza, itupe. Hata zikitulia, mita ya kawaida haioni mitikisiko ya haraka ya umeme, hivyo kipimo cha uhakika zaidi ni kuazima adapta nzima ya volti zilezile na ampea zilezile au zaidi, yenye pini ya ukubwa uleule na chanya upande uleule, kisha kuitumia jioni mbili au tatu.

Ingia pia kwenye ukurasa wa mipangilio wa ruta, utazame System Uptime, yaani muda ambao ruta imekaa bila kuzima, mara tu tatizo linapotokea. Ikiwa imeanza kuhesabu upya kutoka sifuri, ruta ilizima kweli. Ikiwa inaendelea kuhesabu, ruta haikuzima, na tatizo linaweza kuwa kwenye laini ya mtoa huduma.

Ampea nyingi haziunguzi ruta, kwa sababu ruta huchukua kiasi inachohitaji tu. Kinachoweza kuiunguza ni volti zilizozidi au chanya na hasi kugeuzwa, na adapta za kuokoteza za ving'amuzi huuzwa bila yeyote kuangalia hayo. Mkatalie pia fundi anayekimbilia kurudisha mipangilio ya kiwandani: haiongezi umeme hata kidogo, na mara nyingi hufuta jina na nywila ya mtoa huduma, ukabaki bila intaneti kabisa huku adapta ileile ikiwa bado ukutani.