Kutoa klipu fupi kwenye mahojiano marefu

> Nina mahojiano ya karibu saa nzima. Nimeyakata vipande ishirini vya dakika moja moja nikavipakia kila mtandao, lakini watazamaji wanakimbia ndani ya sekunde tatu. Nakosea wapi?

Mkuu, acha kukata kwa kufuata saa. Kata kwa kufuata kauli. Nitakueleza kwa kazi niliyoifanya mwenyewe: mahojiano ya dakika 52 na mama mmoja mshonaji.

Kwanza niliyaandika yote kwenye karatasi, na muda pembeni, nikapigia mstari kila mahali aliposema jambo linaloeleweka peke yake. Nilipata sehemu 31. Baada ya kuzisikiliza tena zilibaki 7, na sikuongeza hata moja ili kufikisha idadi.

Kinachoua klipu nyingi za Kiswahili ni viambishi. Mgeni anasema, "Ukiilegeza kidogo inatulia." Aliyesikiliza tangu mwanzo anajua ni skrubu ya mkazo wa uzi. Aliyeikuta klipu njiani hajui "i" ni nini, anapita zake. Kwa hiyo kila kipande nilimsikilizisha mtu ambaye hakuona mahojiano, nikamuuliza: anaongelea kitu gani? Akisita, narudi kwenye rekodi kutafuta mahali mgeni alipokitaja kwa jina, naleta maneno hayo mbele, na pale vipande vinapoungana napafunika kwa picha ya mikono yake ikishona. Nikikosa, naandika jina la kitu juu ya skrini.

Mfano ni kipande cha 23:40 hadi 25:05. Sekunde 18 za kwanza ni swali langu, na lilikuwa refu bila sababu. Kauli yenyewe iko 24:31: "Uzi ukikazwa mno mshono unakunjamana, hata kitambaa kiwe kizuri namna gani." Hiyo nikaiweka mwanzo kabisa. Swali likatoka lote, yakafuata maelezo yake ya jinsi ya kulegeza, nikamaliza pale anapoonyesha mshono ulionyooka. Jumla sekunde 41. Ila unapopanga upya maneno ya mtu, angalia maana isigeuke. Mimi humtumia mgeni aione kabla sijapakia.

Sasa umbo. Video ya mlalo ya 1920x1080 ukiikata iwe wima 9:16, unabaki na upana wa pikseli 608 tu. Watu wawili waliokaa mbalimbali hawaenei humo. Ukilenga katikati utapata meza na viwiko. Natoa matoleo mawili, moja la kila mtu, kisha nahama kumfuata anayezungumza. Natumia ffmpeg, programu ya kukata video kwa amri za maandishi, na hili ni toleo la aliyekaa kulia:

```
ffmpeg -ss 00:23:40 -t 85 -i mahojiano.mp4 -vf "crop=608:1080:1150:0,scale=1080:1920,setsar=1" -c:a copy kulia.mp4
```

Hiyo 1150 ni umbali kutoka ukingo wa kushoto. Kwa aliyekaa kushoto niliweka 160; wewe pima kwenye picha yako. Usijaribu kuharakisha kwa `-c copy` kwenye video: amri hii itagoma kwa sababu ina `-vf`, na hata ukikata tu bila kubadili umbo, mkato utaangukia kwenye fremu kuu iliyotangulia, na klipu itaanza mapema au picha itaganda kidogo. Utaona pia sura imepoteza ukali, kwa sababu pikseli 608 zimetanuliwa hadi 1080. Dawa ni kurekodi kwa 3840x2160, ambapo kipande cha wima kina upana wa 1215.

Kuhusu mitandao, urefu hausumbui sana: Shorts inapokea hadi dakika 3 tangu Oktoba 2024, na X kwa akaunti ya bure ni sekunde 140. Kinachosumbua ni maandishi. Kwenye TikTok, Reels na Shorts, jina la akaunti na maelezo hukaa chini, vitufe hukaa kulia. Kwenye fremu ya 1080x1920 mimi huacha pikseli 450 chini na 150 kulia bila neno lolote. Kwa X na Facebook natoa toleo la mraba, na hapo watu wawili waliokaa karibu wanaweza kuenea pamoja.

Kila mtandao upakie faili safi kutoka kwenye programu ya kuhariri. Usiipakue TikTok ukaipeleka Instagram. Itakwenda na nembo, na Instagram ilishasema tangu 2021 kwamba Reels za namna hiyo haizipendekezi sana. Kwenye Shorts, jaza sehemu ya kuunganisha video nyingine, uweke mahojiano kamili.

Na ukirekodi tena, mwombe mgeni ataje jina la kitu kila anapoanza kujibu: "Mkazo wa uzi huwa naulegeza hivi..." Mahojiano yangu yaliyofuata nilifanya hivyo, na kazi ya kutafuta majina ikapungua sana.