Sauti ya mawaidha kwa bibi

"Bibi hashiki maneno kwenye mawaidha ninayomrekodia. Nikipandisha sauti anasema namfokea. Nifanyeje kwenye Audacity?"

Inua sauti nyembamba za juu tu, usiongeze yote. Fungua Filter Curve EQ, kata kila kilicho chini ya 100 Hz, punguza desibeli 3 hivi kwenye 250 Hz, kisha pandisha 4 hadi 5 kati ya 2000 na 4000 Hz. Uzee huanza kula masikio kwenye sauti hizo nyembamba, na huko ndiko ziliko s, f, t na k. Irabu anazisikia vizuri, ndiyo maana ukiongeza yote anaona kelele tu.

Wapo wanaoshauri "weka treble yote", lakini wamepatia nusu. Ukipandisha hadi 8000 Hz unaleta mchakacho, na s zinakuwa kali mpaka zinaumiza.

Baada ya hapo weka Compressor, ratio 2:1, release karibu milisekunde 200, threshold ishushwe mpaka vilele vipungue desibeli 4 au 5. Sikio la mzee lina nafasi ndogo kati ya kutosikia na kukerwa, ndiyo maana tunabana, lakini ukibana zaidi ya hapo utainua feni na mwangwi wa chumba.

Mjaribu kwa maneno: pata, paka, pasa, bila kuona mdomo wako. Akiendelea kuyachanganya baada ya marekebisho, mpeleke akapimwe masikio. Huenda ni nta tu, na kama sehemu ya sikio inayosikia sauti nyembamba imekufa kabisa, EQ haitairudisha.