Je, Morton alighushi vipimo vya mafuvu?

"Nilisoma kwamba Samuel Morton wa Filadelfia alighushi vipimo ili Wazungu waonekane wana akili zaidi. Ni kweli?"

Nusu ya hayo ni kweli. Daktari huyo Mmarekani alipima nafasi ya ubongo kwa kujaza mafuvu, na mwanzoni alitumia mbegu za haradali. Ni nyepesi na hazilingani ukubwa, hivyo fuvu lilelile lilitoa majibu tofauti. Baadaye akatumia punje za risasi. Mwaka 2011 watafiti walipopima upya karibu nusu ya mafuvu yale, hawakuona makosa yanayowapendelea Wazungu. Wengine bado wanabishana kuhusu zile mbegu.

Ubovu mkubwa uko kwenye wastani. Katika kitabu chake cha 1839, kundi la mafuvu 52 ya "Wakaukasi", yaani Wazungu na watu aliowahesabu pamoja nao, aliliwekea Wahindi 3 tu, na sababu aliitaja mwenyewe: mafuvu yao ni madogo. Waperu, wadogo vilevile, aliwaacha wengi katika kundi la Wahindi Wekundu, na wastani wake ukashuka. Wanawake na wanaume aliwachanganya, ilhali mwili mkubwa huwa na fuvu kubwa.

Kabla yake, mwaka 1836, Tiedemann, mtaalamu wa anatomia wa Haidelbagi, Ujerumani, alijaza mafuvu mtama, akaangalia kubwa kabisa na dogo kabisa la kila kundi. Vipimo vya makundi viliingiliana mno, akakataa kuyapanga kwa daraja.