Shimo jeusi: usianze na jiwe, anza na mkondo

Nasomesha fizikia skuli ya sekondari hapa Pemba. Shimo jeusi huwa sipangi kulisomesha, huulizwa tu, mara nyingi kipindi kikikaribia kwisha. Na kwa miaka kadhaa nililieleza kwa jiwe, nikidhani nimemaliza kazi. Wewe unayetaka kumweleza mwanao au mwanafunzi wako, nakuomba usipite njia ile.

Njia yenyewe ni hii. Ukirusha jiwe juu, linarudi. Ukiongeza nguvu, linachelewa kurudi. Ukiweza kulirusha kwa kilomita 11.2 kwa sekunde, na tusihesabu hewa inayolizuia, halirudi tena. Hiyo ndiyo kasi ya kuponyoka Duniani. Mwezini ni kilomita 2.4 tu, na kwenye uso wa Jua ni 618. Nuru hukimbia kilomita 299,792 kwa sekunde, kwa hiyo inatoka kote huko bila taabu. Basi tafuta kitu kilichobanwa mpaka kasi yake ya kuponyoka ifike ya nuru, na umepata shimo jeusi. Padri mmoja wa Kiingereza, John Michell, aliliandika wazo hili tangu 1783.

Wanafunzi wanalipenda kwa sababu wanaweza kulipigia hesabu. Ukiibana Dunia, bila kupunguza chochote kilichomo ndani yake, mpaka nusu kipenyo chake kiwe robo ya kilivyo, kasi ya kuponyoka inakuwa mara mbili. Ukitaka mara tatu, bana mara tisa. Sisi tunataka kutoka 11.2 kufika 299,792, yaani mara 26,767 hivi. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe, unapata kama milioni 716. Gawa kilomita 6,371 za nusu kipenyo cha Dunia kwa hiyo, na kinachobaki ni milimita 9. Dunia nzima, bahari na milima yake, ndani ya gololi! Jua nalo ukilibana hivyo linabaki na nusu kipenyo cha kilomita 3.

Namba hizo ni sahihi. Karl Schwarzschild alizipata 1916 kwa nadharia ya Einstein, na zinalingana. Hapo ndipo mtego ulipo, maana jibu likiwa sahihi mtu haulizi tena kama sababu yake ni sahihi.

Aliyeninasua ni mwanafunzi wa kidato cha nne. "Mwalimu, kwani lazima turuke? Si tupande ngazi polepole?"

Nikamwambia ngazi itavunjika. Darasa likacheka, nami nikajua sijamjibu. Kijana alikuwa na haki. Kasi ya kuponyoka inamhusu anayerushwa mara moja kisha akaachwa. Roketi inayoendelea kuwasha injini inaweza kuondoka Duniani kwa mwendo wa baiskeli ikiwa mafuta yanatosha. Na nuru ya Michell ingepanda kidogo kisha igeuke kama jiwe, kwa hiyo aliye karibu angeiona. Kumbe shimo jeusi la kweli halina "kupanda kidogo".

Jibu nililipata ndani ya dau, tukivuka kwenda Kojani. Ilikuwa siku za bamvua, maji yanatoka kwa nguvu. Tulipiga makafi mpaka mikono ikawaka, na mkoko niliouchagua kuwa alama ukabaki ubavuni mwetu vile vile. Dau linakata maji, povu linapita, na hatuendi popote. Mwenye dau, mzee mtu mzima, akaniambia: "Ami, dau linakwenda. Bahari ndiyo inayorudi."

Hilo ndilo neno. Karibu na shimo jeusi, ichukulie anga yenyewe, yaani nafasi na si hewa, kuwa inatiririka kuelekea ndani, na nuru ndiyo dau. Nuru haichoki wala haipungui kasi. Ukiipima hapo hapo ulipo, ni kilomita 299,792 zile zile. Kinachobadilika ni mkondo unaoibeba. Picha hii si ya utani. Inatoka kwenye hesabu alizoziandika Paul Painlevé wa Ufaransa mwaka 1921, na Allvar Gullstrand wa Sweden mwaka uliofuata, ambaye kwa kazi yake alikuwa daktari wa macho.

Kasi ya mkondo huo ni ile ile ya kuponyoka. Hapo ulipokaa unasoma, mkondo wa Dunia unashuka kwa kilomita 11.2 kwa sekunde, na nuru haina habari nao. Kwenye mpaka wa shimo jeusi mkondo unafika kasi ya nuru. Ukiwa mbali na katikati mara nne ya nusu kipenyo cha mpaka huo, mkondo ni nusu ya kasi ya nuru, na ukiwa mara mia ni sehemu moja ya kumi. Tochi ukiiwasha nje kidogo ya mpaka, nuru inatoka, lakini kwa kujikokota, na aliye mbali anaipokea imechelewa na imekuwa nyekundu. Ukiiwasha penye mpaka wenyewe, miale inayoelekea nje inabaki palepale, kama sisi na mkoko wetu. Ndani ya mpaka, hata miale inayopiga makafi kuelekea nje inarudishwa ndani.

Na ngazi? Ngazi au kamba hushikana kwa nguvu zinazotoka chembe moja kwenda nyingine, na nguvu hizo hazipiti kasi ya nuru. Ndani ya mpaka, chembe ya chini haiwezi kushikwa na ya juu. Sikukosea niliposema itavunjika, ila sikujua kwa nini.

Mfano huu una mwisho wake, na afadhali uuseme mapema. Baharini unaweza kutia nanga. Mle ndani hakuna pa kuitia. Mkondo wa maji unakupiga ubavuni, lakini anayeanguka na mkondo wa anga hasikii kitu akivuka mpaka, kwa kuwa anakwenda nao. Tena hesabu niliyoitumia ni ya shimo lisilozunguka. Likizunguka, mkondo unajipinda kama kizingia cha maji.

Kosa jingine ni kudhani shimo jeusi hunyonya kama pampu. Mkondo wa mbali unategemea masi na umbali tu. Jua likigeuka shimo jeusi leo, tutaganda kwa baridi, lakini mwaka utabaki na siku zake.

Shimo jeusi la kweli, tena kubwa mno, liko katikati ya galaksi yetu, upande wa buruji la Kausi. Mwezi wa Julai, kama saa nne za usiku, Kausi huwa juu sana upande wa kusini, na umeme ukikatika (si haba) utaiona Njia Nyeupe imenenepa pale. Shimo lenyewe lina masi ya Majua milioni 4.3 hivi, na mpaka wake uko kilomita milioni 13 kutoka katikati. Halionekani, lakini nyota iitwayo S2 hulizunguka kila miaka 16. Mwaka 2018 ilipita karibu nalo, kwa umbali wa mara 120 wa baina yetu na Jua, ikikimbia zaidi ya kilomita 7,000 kwa sekunde. Hesabu ya mkondo mahali hapo inatoa kama 8,000. S2 iko chini yake kidogo, ndiyo maana haikuponyoka, na ndiyo maana wafuatiliaji wake, Andrea Ghez na Reinhard Genzel, waliweza kulipima shimo wasiloliona, wakapata Nobeli mwaka 2020.

Ile picha ya shimo hilo iliyotolewa mwaka 2022, inayoonekana kama pete, wanafunzi huniuliza: kama nuru haitoki, pale tunaona nini? Pete ni nuru ya gesi ya moto iliyo nje ya mpaka. Weusi wa katikati ni kivuli, na ni kipana kuliko mpaka wenyewe kama mara mbili na nusu, kwa sababu miale iliyopita karibu mno, ingawa bado ilikuwa nje, nayo ilipindwa ikachukuliwa na maji.