Re: Chupa imempata asiyekusudiwa

> Juma karusha chupa ampige Asha, ikampata Neema nyuma yake. Juma hakumlenga Neema kabisa, sasa nia inatoka wapi?

Habari ndugu. Inatoka kwa Asha. Sheria haiulizi jina la uliyemlenga. Inauliza kama ulikusudia kumdhuru mtu, na mtu akadhurika. Kwenye kesi ya Latimer, Uingereza, 1886, mwanajeshi alimchapa mtu kwa mkanda wakiwa baa. Mkanda ukateleza, ukamjeruhi vibaya mwanamke aliyekuwa jirani. Akatiwa hatiani kwa jeraha la mwanamke huyo.

Kabla ya kuandika lolote, tazama aina ya madhara. Mimi hapo ndipo nilipopoteza alama. Pembliton, 1874, aliwarushia watu jiwe likavunja dirisha, na hatia ya kuharibu mali ikafutwa, maana nia ya kumuumiza mtu haihamii kwenye kioo. Ingebidi ithibitishwe kwamba aliiona hatari ya kulivunja, akarusha hivyo hivyo.

Kwako ni mtu kwa mtu, nia inahama. Ila usimwache Asha (wengi humsahau): kwake lipo shtaka la kujaribu kumdhuru. Na kama Juma alikuwa akijihami dhidi ya Asha kihalali, utetezi huo nao unahamia kwa Neema.